KUH: Sababu ya kuacha kazi yangu ya sasa (nafasi ya Ofisa wa Mipango ya Ununuzi)

Kwa Meneja wa Rasilimali Watu,

Asante kwa kunialika kwenye mahojiano ya Jumanne. Mliniomba nieleze mapema kwa nini nataka kuacha kazi niliyonayo.

Mimi ni msimamizi wa stoo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Eneo la Viwanda hapa Nairobi. Niliingia nikiwa karani wa kupokea mizigo, bila cheti chochote. Mwajiri wangu alinikabidhi funguo za stoo, kisha akaniruhusu kutoka mapema siku za masomo ya jioni hadi nikapata diploma ya ununuzi na ugavi. Namheshimu sana kwa hilo.

Biashara hiyo ni ya familia. Kinunuliwe nini, kiasi gani na kwa nani, huamua wenyewe, na kwa biashara ya ukubwa ule ni sawa kabisa. Upande wa stoo, cheo changu ndicho cha juu kabisa. Kazi niliyoisomea haipo pale, wala hawaihitaji.

Hamu ya kazi hiyo niliipata kwenye saruji. Mfuko ukikaa miezi kadhaa huvuta unyevu na kushika mabonge, kwa hiyo yetu hukaa juu ya mbao, mbali na ukuta, na kila rundo nimeliandika kwa chaki tarehe lilipopokelewa ili la zamani litoke kwanza. Hapo nikaanza kuweka hesabu ya mauzo ya kila wiki, nikitazama hasa mvua za Machi hadi Mei, ili nikadirie mzigo unaofuata uwe kiasi gani. Nataka makadirio hayo yawe ndiyo kazi yangu. Kwenu uzito wake ni mkubwa zaidi: dawa zina tarehe ya kuisha, na baadhi lazima zikae kati ya nyuzijoto 2 na 8. Ukiagiza nyingi zitateketezwa; ukiagiza chache, mgonjwa ataambiwa hakuna.

Mshahara nao nimeutazama, siwezi kukana, ila hata kwa mshahara ninaolipwa sasa ningeiomba nafasi hii.

Mkataba wangu unataka notisi ya mwezi mmoja. Nitaitumikia yote, kwa sababu nataka kumkabidhi atakayenifuata mali ile rafu kwa rafu, tukihesabu pamoja.

Nina ombi moja. Mwajiri wangu bado hajui kwamba nimeomba kazi kwenu, na ningependa habari hii aisikie kinywani mwangu. Tafadhali msimpigie simu kabla hamjaamua. Mkiniteua, nitamweleza siku hiyo hiyo, kisha niwape nambari yake mumuulize lolote kunihusu.

Jumanne nitakuja na vyeti vyangu halisi pamoja na daftari la hesabu zangu za saruji; bei na majina ya wateja hayamo.

Wenu mwaminifu,
Mwombaji, nafasi ya Ofisa wa Mipango ya Ununuzi