Maswali ya jopo kuhusu mpango wa soko wa zabibu kavu za Hombolo

Ndugu wanakikundi,

Hongereni kwa wasilisho lenu. Zabibu mlizotuonjesha ni tamu, na mimi nataka zifike madukani. Kwa sababu hiyo maswali yangu ni magumu: mkopo wa vijana wa halmashauri hauna riba, lakini unarudishwa, na mtaurudisha kwa fedha ya mteja, si kwa sifa za jopo.

Kwanza, mteja. Mmeandika kwamba walengwa ni "wakazi wote wa Jiji la Dodoma". Mkiambiwa mchague kundi moja tu la kuanzia miezi mitatu ya kwanza, mtachagua lipi, na kwa nini hilo? Mtumishi wa Mtumba anayetaka kitu cha kutafuna mezani, mwanafunzi wa UDOM, abiria wa SGR anayetafuta zawadi ya Dodoma, na mama mpishi wa pilau za harusi si mteja mmoja. Mpishi ataomba kilo tano kwenye mfuko wa kawaida. Abiria atataka pakiti nzuri yenye jina la Dodoma. Pakiti yenu ya gramu 250 mliitengeneza mkimfikiria nani?

Hapa nina swali ambalo sikulisikia likijibiwa hata kidogo. Zabibu mnazokausha ni Makutupora nyekundu, aina ya mvinyo, nayo ina mbegu. Zabibu kavu kutoka nje zinazouzwa soko la Majengo nyingi hazina. Je, kuna mwokaji keki yeyote aliyezipika zenu na kumpa mteja wake? Alisema nini kuhusu mbegu? Kama hamjamuuliza, mwondoeni kwenye orodha ya wateja mpaka mumuulize. Mtu anayezitafuna hivi hivi bila kuzipika huenda mbegu zisimsumbue, na kama ndivyo, basi huyo ndiye mteja wenu, semeni hivyo wazi.

Sasa bei, na hapa naomba kalamu zishikwe. Mmesema zabibu mbichi mnanunua kwa wakulima shilingi 1,500 kwa kilo, na kilo nne zinatoa kilo moja kavu. Hiyo ni 1,500 ya malighafi kwa kila pakiti. Ongezeni 350 ya kifungashio na lebo, na 400 ya vibarua na usafiri: 2,250. Mnamuuzia mwenye duka kwa 2,500, naye anauza 3,000. Mnabaki na 250. Je, mlipima wenyewe uwiano huo wa kilo nne, au mliambiwa? Zikihitajika kilo nne na nusu, malighafi inapanda hadi karibu 1,688 na faida inashuka hadi kama shilingi 62. Zikioza trei chache, mmefanya kazi bure. Mavuno ya Februari na Machi yanaangukia mvua. Mtakausha wapi, na gharama ya kikaushio iko kwenye ukurasa gani?

Mmesema pia mtauza "bei nafuu kuliko za nje". Kwa nini? Pakiti ya mshindani mliyotuonyesha kwa 3,500 haikutajwa uzito wake. Leteni ulinganisho wa gramu kwa gramu. Na mwenye duka akitaka mali kauli, alipe baada ya kuuza, mtaishi kwa fedha ipi katikati?

La mwisho ndilo zito kuliko yote: uhitaji. Mlihoji watu 60, na 52 walijibu kwamba wangenunua. Nawaheshimu waliojibu, lakini mtu aliyepewa cha kuonja bure na kijana mwenye adabu hatasema hapana. Kati ya hao 52, wangapi walitoa fedha? Wangapi walirudi mara ya pili bila kupigiwa simu? Bei mliwatajia kabla au baada ya kuonja? Lile duka la Area C mliloliita "mteja wetu wa kudumu" limeagiza mara ngapi, na pakiti zilizobaki rafu ni ngapi? Naomba daftari la mauzo na miamala ya simu, hata kama ni ya pakiti ishirini. Ishirini zilizolipiwa zitanishawishi kuliko hizo 52.

Kama mauzo bado hayapo, msiyatunge. Chukueni pakiti 40, muuze kwa 3,000 stendi ya Nanenane na Majengo, siku za kazi na Jumamosi, bila kuonjesha wala kuwauzia ndugu. Andikeni nani alinunua, nani aliuliza bei akaondoka, na alisema nini. Nusu ziuzeni kwa 3,500 tuone kama mnajipunja.

Alama ya TBS nitaiuliza baadaye. Nitasubiri majibu na daftari kikao kijacho. Aje pia yule dada anayesimamia ukaushaji, kwa sababu ndiye anayejua uwiano halisi.