Barua ya kuomba ridhaa ya kuchunguza mwili wa marehemu Idrisa

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa
Idara ya Magonjwa ya Dharura
Tanga
Alhamisi, 14 Agosti 2025, saa 3 usiku

Kwa Mzee Athumani na Mama Idrisa,

Shikamooni. Poleni sana kwa msiba huu mzito. Mimi ndiye daktari niliyempokea Idrisa jioni alipoletwa kutoka uwanja wa mpira. Tulihangaika naye kwa zaidi ya nusu saa, lakini moyo haukurudi. Mwenyezi Mungu amweke mahali pema.

Nimeona niandike, kwa sababu nilipoongea nanyi pale nje hamkuwa katika hali ya kusikiliza, na baba mdogo ameomba jambo hili liwe kwenye karatasi ili wazee walisome pamoja.

Naomba ridhaa yenu ili daktari bingwa wa patholojia aufanyie uchunguzi mwili wa marehemu, yaani upasuaji wa kutafuta sababu ya kifo. Polisi walipewa taarifa na hawakuona dalili ya jinai, kwa hiyo uchunguzi huu haukuagizwa na polisi wala mahakama. Mkikataa, hautafanyika.

Sababu ya kuomba ni wadogo zake. Kijana wa miaka 19 aliyekuwa mzima asubuhi, akaanguka akikimbia, hutufanya tufikirie moyo kwanza. Na Mama aliniambia kwamba kaka yake naye alifariki ghafla akiwa kijana, bila kuugua. Yapo maradhi ya moyo yanayorithiwa, mojawapo likiwa lile la misuli ya moyo kuwa minene kupita kawaida. Likiwa ndilo lililomchukua Idrisa, kila mdogo wake anaweza kuwa nalo au kulikosa, nusu kwa nusu, hata kama haumwi popote. Tukijua mapema, zipo dawa, na yapo mambo ya kumkataza, mojawapo mpira wa mashindano.

Sitawaahidi kwamba jibu litapatikana. Yapo maradhi ya umeme wa moyo yasiyoacha alama yoyote, na tunaweza kuukuta moyo hauna kasoro ya kuonekana. Hata hilo litatusaidia, kwa maana tutajua pa kuendelea kutafuta.

Ninachoomba ni kifua tu. Kichwa, uso na viungo vingine havitaguswa. Daktari atapasua mkato mmoja kifuani, atautazama moyo, mapafu na mishipa mikubwa, kisha atarudisha kila kiungo mahali pake na kushona. Vitachukuliwa vipande vidogo vya nyama ya moyo, kila kimoja hakizidi ukucha wa dole gumba, vikatazamwe kwa hadubini. Mkitaka virudishwe mvizike baadaye, andikeni hivyo kwenye fomu. Hakuna kiungo kizima kitakachobaki hospitali. Daktari na msaidizi wake ni wanaume, na mwili utafunikwa muda wote isipokuwa sehemu inayofanyiwa kazi. Ndugu mmoja anaweza kukaa nje ya mlango wa mochwari mpaka kazi iishe.

Najua mnataka kumzika kesho. Fomu ikiwa imesainiwa kabla ya saa 1 asubuhi, kazi itaanza saa 2, na kabla ya saa 5 mtakuwa mmekabidhiwa mwili pamoja na kibali cha mazishi. Mtapata nafasi ya kumwosha, kumkafini na kumswalia baada ya Ijumaa. Waoshaji waambiwe kwamba pana mshono kifuani; tutaufunika kwa pamba na plasta isiyopitisha maji ili wasipate tabu.

Upande wa dini sina la kuwafundisha. Mkitaka kumuuliza shehe wenu usiku huu, muulizeni, na akitaka kuzungumza nami nipo.

Hamtalipa chochote. Mkisema hapana, hakuna atakayewauliza kwa nini, na mwili mtauchukua alfajiri. Mkisema ndiyo kisha mkabadili mawazo, mwambieni muuguzi kabla ya saa 2, naye atasimamisha kila kitu.

Daktari wa patholojia ataniambia aliyoyaona kwa macho kesho hiyohiyo. Majibu ya hadubini huchukua wiki kadhaa. Nitawaita wazazi wote wawili niwaeleze mimi mwenyewe, na hatapewa mtu mwingine bila ninyi kuruhusu.

Kitu kimoja zaidi, na hiki hakitegemei jibu lenu. Baada ya arobaini, au mapema mkiweza, waleteni wale wadogo watatu wapimwe umeme wa moyo na wapigwe picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Haviumi. Mpaka hapo, yule anayecheza mpira apumzike kwanza.

Fomu ya ridhaa iko nyuma ya barua hii. Asaini Mzee, na shahidi mmoja wa familia. Nipo zamu usiku kucha, chumba cha pili kushoto mkiingia dharura. Njooni saa yoyote, hata kama ni kuuliza tu.

Wenu katika msiba,

Dkt. Neema Mushi
Daktari wa zamu