Karata saba: wewe wa Tabora, yeye wa Kibirizi

Dada yangu, swali lako nimelishika kama ulivyoliweka: umri unakwenda, barua ya posa imeahirishwa mara mbili, je, uendelee kumngoja huyu shemeji wa Kigoma, mnunuzi wa dagaa pale Kibirizi, umfuate, au uachane naye? Nimetandika karata saba za taroti. Mbili zako, mbili zake, moja ya kinachowaunganisha, moja ya kinachowakwaza, na ya mwisho ni ya mnakoelekea mkiendelea hivi hivi. Ninazotumia ni za mtindo wa mwaka 1909, zilizochorwa na Pamela Colman Smith, kwa hiyo nitakueleza na picha zenyewe ili uone ninachokiona.

Kabla ya yote: katika karata 78, zipo 22 kubwa, zile za Jua, Mnara, Hukumu na wenzake. Kwenu haikutoka hata moja. Nasoma hapo kwamba hili halijafungwa na majaliwa. Ni la mazungumzo, fedha, safari na ndugu. Mnaliweza ninyi wenyewe.

Wewe: Malkia wa Panga, wima. Amekaa kwenye kiti chake, upanga ameusimamisha mkono wa kulia, mkono wa kushoto ameunyoosha kama anayesema, "Njoo, lakini sema kweli." Wasomaji wa zamani walimwita mjane au mwanamke aliyekwisha kuonja msiba. Umeniambia mwenyewe kuhusu ndoa ya kwanza, na jinsi ulivyoisimamisha biashara yako ya asali bila mtu wa kukushika mkono. Ndiye huyu. Akili yake ni kali na haidanganyiki kwa urahisi. Tatizo lake moja: akinyamaziwa, hukata hukumu mapema.

Unachokificha: Nane ya Vikombe, kichwa chini. Mtu wa joho jekundu anaviacha vikombe vinane nyuma yake, anapanda mlima usiku, mwezi ukiwa juu. Ingekuwa wima ningesema umeshaondoka moyoni. Imepinduka: unafunga mzigo, unafungua. Umemfuta kwenye simu, umemrudisha. Sikulaumu, maana kikombe kimoja hapo bado hujakifunua. Nitakirudia kwenye karata ya mwisho.

Yeye: Mpanda Farasi wa Sarafu, wima. Wapanda farasi ni wanne, na huyu peke yake farasi wake amesimama tuli. Mbele yake shamba limelimwa, mkononi ana sarafu, lakini haitazami. Huyu si mlaghai, dada. Mlaghai angetoka na karata za haraka na maneno matamu. Huyu ni mtu wa kazi ile ile kila siku, anayeamini kwamba kupenda ni kuhangaika, na kwamba kusema kunaweza kungoja.

Umelalamika kwamba hupotea wiki nzima, kisha huibuka na kupiga simu kila jioni kama hakuna kilichotokea. Chukua kalenda yako, ulinganishe siku hizo na mwezi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa, gizani. Wakati wa giza, mnunuzi kama yeye yuko mwaloni Kibirizi kabla ya alfajiri anapokea mitumbwi, mchana yuko juani anaanika, usiku analala kama gogo. Mbalamwezi ikija taa hazifanyi kazi, wavuvi wanapumzika, naye anakumbuka kuwa ana mchumba. Kama siku zikilingana, ule ukimya uliousoma kuwa ni mwanamke mwingine ni kazi tu. Zisipolingana, niambie, kwa sababu hapo nitaisoma karata hii kwa jicho jingine.

Anachokificha: Nne ya Sarafu, wima. Hii ndiyo iliyonifanya nikae kimya kwa muda. Mtu amekaa, sarafu moja kichwani, moja ameikumbatia kifuani, mbili amezikanyaga. Hawezi kuinuka bila kuangusha kitu. Shemeji ana hofu ya fedha ambayo hajakuambia. Ulitaja kwamba posa ya kwanza iliahirishwa mwaka 2024, baada ya ziwa kufungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu bila dagaa, kwa mtu ambaye mtaji wake wote ni dagaa. Aliwaambia wazee kuna msiba Uvinza. Mimi naona mwanamume aliyeona aibu kuja kwa baba yako mikono mitupu. Hofu hiyo inaeleweka, ila kukuficha ni kosa lake, na ni haki yako kumwambia hivyo.

Kinachowaunganisha: Mbili ya Vikombe, wima. Nilifurahi ilipofunuka. Mwanamume na mwanamke wamesimama usawa, kila mmoja anampa mwenzake kikombe, na nyuma yao kuna nyumba ndogo. Hakuna aliyepiga magoti, hakuna aliyepanda juu. Mapenzi yapo, na yako pande zote mbili. Asikutishe mtu.

Kinachowakwaza: Tano ya Fimbo. Vijana watano wanagonganisha fimbo, na ukitazama vizuri hakuna aliyepigwa. Hao ni mashangazi zako, dada zake wa Ujiji, na shoga zako wa sokoni. Kelele nyingi, jeraha hakuna. Punguza kuwasimulia.

Mnakoelekea: Sita ya Panga, wima. Mtumbwi. Mwanamume nyuma anausukuma kwa pondo, mbele yake mwanamke amejifunika shuka, na ubavuni mwake mtoto. Panga sita zimechomekwa ndani ya mtumbwi. Upande mmoja maji yana mawimbi, mbele yametulia.

Naona kuhama, na naona ni wewe unayekwenda Kigoma, ingawa polepole na ukiwa na majonzi ya kuiacha Tabora. Lakini mtazame yule mtoto. Katika maelezo yako yote marefu, mwanao wa miaka saba umemtaja mara moja tu, kwa kupita. Hicho ndicho kikombe ambacho hujakifunua: unaogopa kumuuliza shemeji kama atampokea, kwa kuwa akisita itabidi umwache, nawe hutaki kumwacha. Kumbe mmekaa sawa. Yeye anaficha mfuko, wewe unaficha mtoto, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayesitasita.

Zile panga hazing'olewi. Ukizing'oa, maji yanaingia. Maana yake ndoa ya kwanza, mtoto na madeni ya shemeji vyote vitapanda mtumbwini pamoja nanyi. Anayesafiri avijue kabla ya kuondoka.

Basi fanya hivi. Ngoja mbalamwezi ijayo, wakati ana nafasi. Usimpigie, panda treni uende, au mwite aje, mkae macho kwa macho. Anza wewe: muulize habari ya mtoto, mtoto atalala wapi, atasoma wapi, atamwita nani baba. Kisha muulize hesabu yake ya kweli baada ya ziwa kufungwa, na umwambie umeshajua. Akijibu yote mawili bila kuzungukazunguka, karata hii inakwenda mbele, na tarehe ya posa mtaipanga hapo hapo. Akilikwepa la mtoto, la fedha lisikuhangaishe tena, rudi Tabora.

Kwa swali hili usinitume nitandike upya kabla ya mazungumzo hayo. Yakishapita, niletee maneno aliyoyasema kama alivyoyasema.