Programu ya mazoezi ya kimyakimya kwa mpangaji wa ghorofa ya tatu, Kisasa, Dodoma

Dada, programu hii ni ya wiki 6: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa 12 asubuhi, dakika 40 kila siku. Tumeipanga kwa kuangalia sebule yako ilivyo: sakafu ya tailizi, nafasi ya mita 2 kwa 2 ukishasogeza meza, na jirani wa chini mwenye mtoto mchanga. Hutaruka, hutakimbia papo hapo, wala hutashika chuma. Mwili utachoka kwa sababu utashuka polepole, na misuli inayobeba uzito polepole hufanya kazi kubwa bila kelele yoyote.

Kinachomkera jirani ni kishindo zaidi kuliko sauti. Kisigino kikigonga tailizi, zege hubeba mtikisiko wote hadi kwenye dari lake, na mkeka mwembamba hausaidii kitu. Miguu ya kiti ikiburuzwa, huko chini inasikika vibaya kuliko unavyodhani. Kwa hiyo tandika zulia, juu yake blanketi zito lililokunjwa mara mbili kwa mazoezi ya kulala. Ya kusimama yafanyie kwenye zulia tupu. Godoro la povu linayumbisha kifundo cha mguu. Kiti kiwe cha mbao, kiegemee ukuta, miguu yake uivalishe soksi kuukuu. Cha plastiki kinapinda na kuteleza.

Fanya mazoezi peku. Soksi juu ya tailizi ni kuanguka, na kuanguka ndiyo kelele kubwa kuliko zote. Kipindi cha kiangazi upepo wa Dodoma huingiza vumbi hata dirisha likiwa limefungwa, na vumbi hilo linatelezesha, basi piga deki usiku ili asubuhi sakafu iwe kavu.

Vifaa ni viwili. Cha kwanza ni begi la mgongoni lenye mchele kilo 5 uliofungwa vizuri, na taulo pembeni ili usichezecheze. Tumelichagua badala ya dumu la maji kwa sababu likikuponyoka linatua laini. Dumu lisilojaa lina shida nyingine: maji yanasukasuka na kuuvuta mkono usikotaka. Cha pili ni tyubu ya baiskeli kutoka kwa fundi, ikatwe pale penye njia ya upepo iwe kamba moja ndefu. Ioshe kwa sabuni kutoa unga wa ndani, na kila asubuhi ivute kidogo mbali na uso ukitafuta nyufa. Ukiona ufa, itupe.

Kuamsha mwili ni dakika 6. Juni na Julai, asubuhi zikiwa na baridi, ziwe 8. Zungusha mabega, zungusha nyonga, kisha tembea papo hapo ukiinua goti hadi usawa wa kiuno. Mguu ukirudi, vidole viguse kwanza, halafu unyayo, kisigino mwisho. Hatua hii ijifunze vizuri siku ya kwanza, maana utaitumia programu nzima.

Kisha fuata mzunguko huu, ukipumzika sekunde 30 kati ya zoezi na zoezi.

Skwati ya kiti, mara 10. Simama miguu ikiwa upana wa mabega, shuka kwa hesabu ya nne hadi makalio yaguse kiti bila kukaa, panda kwa hesabu ya mbili. Wengi hufika nusu ya njia kisha wanajiachia, kiti kinalia "pwaa!" Ukijikuta hivyo, misuli ya mapaja bado haijapata nguvu ya sehemu ile ya chini. Weka mto mgumu juu ya kiti ili ushuke kidogo, na wiki ya tatu uuondoe. Magoti yaelekee vidole vya miguu. Yakiingia ndani, sukuma sakafu kwa nje kama unayelichana zulia katikati.

Pushapu kwenye ukingo wa kaunta ya jikoni, mara 8. Kushuka hesabu ya nne, kusimama kidogo chini, kupanda. Viwiko visipanuke kama mabawa, viwe karibu na mbavu. Kiuno kikilegea, kaza makalio. Ukifikisha 12 bila kutetemeka, hamia sakafuni kwa kupiga magoti juu ya blanketi.

Kuvuta tyubu, mara 12. Kaa sakafuni, miguu mbele, magoti yamekunjwa kidogo. Tyubu izungushe mara moja kwenye kila unyayo kabla ya kuvuta, kwani ikipita tu juu ya vidole inachomoka na kukupiga usoni. Vuta viwiko nyuma, bana mabega, rudisha taratibu kwa hesabu ya tatu. Usiiachie, irudishe.

Kuinua nyonga, mara 12. Lala chali, nyayo sakafuni, inua nyonga hadi mwili uwe mstari kuanzia magoti hadi mabega, kaa sekunde 2, shusha mfupa mmoja mmoja. Ukihisi kiuno badala ya makalio, umeinua kupita kiasi.

Kurudisha mguu nyuma, mara 6 kila upande, ukishika ukuta kwa vidole. Peleka mguu nyuma, shuka mpaka goti libaki sentimita 5 juu ya zulia. Lisiguse. Goti linalogonga sakafu linakuumiza wewe na linamwamsha mtoto wa watu.

Tumbo: lala chali, mikono juu, magoti juu, shusha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja, kisha badilisha, mara 6 kila upande. Kiuno kibaki kimegusa blanketi. Kikinyanyuka, fupisha mwendo wa mguu.

Wiki 1 na 2 fanya mizunguko 2. Wiki 3 na 4, mizunguko 3. Wiki 5 na 6, mizunguko 3 ukikumbatia begi kifuani kwenye skwati, na ukiliweka juu ya nyonga kwenye zoezi la nne. Ukimaliza nalo, chuchumaa nalo hadi litue.

Malizia na mapigo ya moyo kwa dakika 8: dakika 1 kutembea papo hapo, dakika 1 kurusha ngumi hewani miguu ikiwa imetulia, ukibadilishana hivyo. Kasi itoke mikononi. Uwe unaweza kusema sentensi fupi lakini huwezi kuimba. Jumamosi jioni panda na kushuka ngazi za jengo kwa dakika 15 ukiwa na raba laini. Kelele hutokea wakati wa kushuka, kwa hiyo shika reli na ushuke pole.

Usibane pumzi popote, hasa kama presha yako huwa juu: toa pumzi unapopanda. Kuwaka kwa misuli ni kawaida, hata kesho yake. Maumivu makali ndani ya goti yanataka upunguze kina cha kushuka. Ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha palepale na uende kituo cha afya.

Kabla ya Jumatatu ya kwanza, piga hodi kwa jirani, mpe namba yako, na umwombe akutumie ujumbe wakati wowote atakaposikia kitu. Akisema alisikia, muulize saa ngapi, ulinganishe na ulikuwa zoezi gani. Mara nyingi utakuta ni kiti au kisigino.