Taarifa ya kamisheni yako ya Septemba 2024

Kigoma, Ijumaa, 4 Oktoba 2024

Shikamoo Mama Neema,

Habari za Ujiji na za nyumbani? Natumaini ile safari ya Ilagala haijakuachia mafua, maana ulivyokuwa ukikohoa kwenye simu juzi nilikuonea huruma.

Hii ndiyo taarifa ya mauzo yako ya sola ya mwezi uliopita. Nakuambia mapema kwamba kiasi utakachopokea hakilingani na ulichoandika kwenye daftari lako. Wewe umeandika Sh 481,500, mimi nimefikia Sh 392,500 kabla ya makato. Tofauti ni Sh 89,000, na ningependa uisome yote kabla hujanipigia.

Mauzo yasiyo na ubishi ni haya:

Seti za taa za uvuvi: 7 kwa Sh 30,000 = Sh 210,000
Seti za nyumbani: 9 kwa Sh 14,000 = Sh 126,000
Taa za mkono: 11 kwa Sh 2,500 = Sh 27,500
Jumla: Sh 363,500

Tangu Mei hujawahi kufikisha seti 7 za uvuvi kwa mwezi, na sababu tunaijua sote. Ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na mvuvi aliyekaa nchi kavu miezi 3 hanunui taa. Kwa hiyo Septemba umefanya kazi kubwa, hata mkuu wa mauzo amelisema.

Sasa tuje kwenye seti 5 zilizobaki, yaani 3 za uvuvi na 2 za nyumbani.

Mbili za uvuvi ni za Mwamgongo. Uliziandikisha tarehe 20 na 21 Septemba na ukazikabidhi, ila kianzio cha Sh 100,000 kwa kila seti hakikuingia mwezi ule. Nimewapigia wateja wote wawili. Hakuna aliyekataa deni. Walichosema ni kwamba mwezi mpevu ulikuwa tarehe 18, hawakuwa wakishuka ziwani, na pesa wataipata giza likirudi. Na kweli, mmoja amelipa juzi tarehe 2 na mwingine jana. Kamisheni inahesabiwa siku kianzio kinapoingia, si siku unayokabidhi mzigo. Kwa hiyo Sh 60,000 hizo hazijapotea, zimehamia Oktoba na nimeshaziingiza huko. Lakini nikuombe kitu, mama yangu: usimkabidhi mteja mzigo kabla ya kianzio, hata kama ni mtu unayemfahamu. Safari hii wamelipa, ila wasingelipa, mwenye kutafutwa ungekuwa wewe, na Mwamgongo huendi bila boti.

Ya tatu ya uvuvi ndiyo iliyonipa kazi. Ni ya mteja wa Katonga. Wewe umemwandikisha tarehe 14, wakala mwenzako alimwandikisha tarehe 12, namba ya simu ileile na seti ileile. Kwa utaratibu wetu, aliyeandikisha kwanza ndiye anayelipwa, basi. Ningeweza kuishia hapo. Nilimpigia mteja, akaniambia wazi kwamba aliyemwonyesha taa ikiwaka pale ufukweni tarehe 7 ni "yule mama wa Ujiji", na kwamba huyo kijana alimletea tu mzigo wakati wewe upo Ilagala. Nikamweleza mwenzako, naye hakubisha sana. Amekubali mgawane nusu kwa nusu, na mkuu wa mauzo ameridhia. Utapata Sh 15,000 na yeye Sh 15,000. Najua utasema ungestahili zote. Kama ungemwandikisha mteja tarehe 7 hiyohiyo, ungezipata zote, maana kumwandikisha kunahitaji jina, kijiji na namba ya simu tu, hata kabla hajalipa.

Seti moja ya nyumbani, ya Ilagala, ilirudishwa tarehe 24. Betri haikutunza chaji, taa zilikuwa zinazimika saa 3 usiku. Hilo si kosa lako wala la mteja, ni letu. Hata hivyo, kwa kuwa mauzo yamefutika, kamisheni yake ya Sh 14,000 siwezi kuilipa sasa. Betri nyingine imeshafika ofisini. Mteja akiipokea na kuendelea na malipo, Sh 14,000 zitarudi kwenye taarifa ya mwezi huo.

Na ile ya Ujiji ya nyumbani, naomba radhi. Mteja alilipa kianzio tarehe 17 kama ulivyoniambia, na mimi nikakujibu kwamba sijaona kitu. Pesa ilikuwa imeingia, ila mteja aliandika namba ya kumbukumbu yenye tarakimu moja tofauti, na mfumo ukaipeleka kwa wakala mwingine. Nilitakiwa kutafuta kwanza kabla ya kukujibu. Nimeirekebisha na Sh 14,000 zake zipo kwenye hesabu hii.

Hesabu yote inakuja hivi:

Mauzo yasiyo na ubishi: Sh 363,500
Nusu ya seti ya Katonga: Sh 15,000
Seti ya Ujiji iliyorekebishwa: Sh 14,000
Kamisheni kabla ya makato: Sh 392,500
Kodi ya zuio, 5%: Sh 19,625
Pesa uliyochukua tarehe 10 Septemba kwa nauli ya boti na chakula: Sh 50,000
Utakachopokea: Sh 322,875

Kodi ya zuio haibaki kwetu. Tunaipeleka TRA kwa TIN yako, na cheti chake nitakutumia kikitoka. Kitunze, usikifungie vitumbua, kwani utakihitaji wakati wa kufunga hesabu zako za mwaka.

Malipo yatatumwa Jumanne tarehe 15 Oktoba, kwenye namba ileile ya simu tunayokutumia siku zote. Gharama ya kutuma ni yetu, ya kutoa ni yako. Tarehe 14 ni Siku ya Nyerere na benki hazifanyi kazi, kwa hiyo orodha ya malipo inasainiwa Ijumaa tarehe 11. Ndiyo maana nakusihi: kama kuna mstari usioukubali, niambie kabla ya saa 8 mchana Alhamisi tarehe 10. Unaweza kunitumia picha ya ukurasa wa daftari lako au stakabadhi ya mteja, au ukapita ofisini Mwanga, nipo hadi saa 10 jioni. Ukinieleza baada ya hapo nitakusikiliza pia, ila marekebisho yatalipwa pamoja na kamisheni ya Oktoba. Ubishi wa mstari mmoja hauzuii mingine, hata tukiwa bado tunajadili Katonga, zilizobaki zitatumwa siku hiyohiyo.

Ukikubali yote, nijibu tu "nimekubali" pamoja na jina lako, inatosha.

Jambo dogo la mwisho: zile taa za mkono 6 ulizoomba zimefika. Kijana wa bodaboda anaweza kukuletea Jumatatu asubuhi, mradi uwe nyumbani kabla ya saa 4.

Wasalimie watoto.

Hamisi
Hesabu za mawakala