Wimbo wa Baba, nilivyouandika upya

Mdogo wangu, shikamoo ya Mama mfikishie kwanza.

Jina la Baba nimelitoa kwenye wimbo wetu wa kumkumbuka, amebaki Baba tu. Najua litakuuma, lakini soma hadi mwisho kabla hujanipigia simu. Huu ndio ubeti tulioanza nao:

Mwaka wa shati kijani, neno lile la Kasanga,
Bibi Tatu akacheka, Boi naye akaringa,
Tochi yako ya ishara, juu ya mwembe kuchunga,
Namba saba, lala, Baba, pale penye ule mwanga.

Mimi na wewe tukiuimba tunalia. Juzi mazoezini niliwaimbia wenzangu wa bendi, wakatulia kwa heshima, kisha mpiga solo akaniuliza Boi ni nani. Nikamwambia ni mbwa wetu. Akauliza namba saba ni nini. Nikamweleza ni kabati la Baba kwenye meli aliyofanyia kazi. Nilipofika kwenye neno la Kasanga nikajikuta nimesimulia robo saa, na ndipo macho yao yalipolowa. Nilirudi nyumbani nikiwaza: robo saa ile ndiyo wimbo, na sisi tumeiacha nje.

Kilichowashika ni tochi. Wewe ulikuwa mdogo, labda hukumbuki vizuri. Kwetu Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, meli ilikuwa inatia nanga mbali, mara nyingi usiku, mitumbwi inaifuata kuchukua watu na mizigo. Baba akiwa na likizo alimulika mara tatu kutoka sitahani, maana yake nashuka. Asipomulika, anapita tu kwenda Mpulungu, nasi tunarudi kulala. Katika ubeti wetu tumeiita "tochi ya ishara" tukapita. Ishara ya nini? Mgeni hawezi kujua.

Hata jina la meli yake, Liemba, nimelitoa, na hilo nililibishania siku mbili nzima. Ila meli ile ina hadithi yake kubwa: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiopoa 1924. Ukiitaja, msikilizaji anaanza kufikiria vita na Wajerumani, Baba anapotea. Nikisema "meli" tu, wa Mwanza ataona yake, wa Unguja ataona yake.

Sasa huu hapa. Mizani nane kwa nane kama alivyopenda yeye, na vina vya kati safari hii nimevitimiza.

Meli ikipiga honi, usingizi hukatika,
Sote mbio ufukoni, macho hayajafunguka,
Tochi kule sitahani, mara tatu ikiwaka,
Mama hurudi jikoni, chungu motoni kuweka.

Mulika, Baba, mulika, tujue kama washuka.

Hushuka na vazi lako, lanuka moshi na chuma,
Sukari kwenye mfuko, na kanga ya kwake Mama,
Kichwani mikono yako, husema bila kusema,
Zikiisha siku zako, kitandani ni alama.

Mulika, Baba, mulika, tujue kama washuka.

Leo honi imelia, Mama yuko mlangoni,
Chungu amekumbatia, hakipeleki motoni,
Giza twaliangalia, hakuwaki sitahani,
Mimi najihesabia, hadi tatu, kimoyoni.

Mulika, Baba, mulika, tujue kama washuka.

Utaona sikuandika popote kwamba amefariki. Niliandika, nikafuta. Aliyesikia ubeti wa kwanza akifika kwenye giza la ubeti wa tatu atajua mwenyewe, na atakuwa amejua kwa njia tuliyojua sisi. Ubeti wa pili ndio ulionipa taabu kidogo. "Alama" niliweka badala ya "shimo la godoro", ambalo ndilo lilikuwa kweli, lakini kina kilikataa. Ukipata neno bora lete.

Shati la kijani halimo kwa rangi yake, ila ndilo lile vazi lenye moshi na chuma. Bibi Tatu na Boi hawamo kabisa. Neno la Kasanga libaki letu. Si lazima kila kitu chake tuwape watu.

Ukiimba ubeti wa tatu, baada ya "sitahani" nyamaza. Nimewaambia vijana gitaa na ngoma zote zikae kimya hapo, besi peke yake ipige mara tatu, polepole, kisha ndipo uingie na "Mimi najihesabia". Usiharakishe hata watu wakianza kupiga makofi. Kiitikio cha mwisho imba kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na ziwa.

Jambo moja kabla hatujauimba Jumamosi. Msomee Mama ubeti wa tatu, mkiwa wawili. Chungu kile ni chake, na usiku ule tulimwona tu, hatukumuuliza. Akisema kisitajwe, niambie siku hiyo hiyo nikiondoe.

Kaka yako