Jumal

Saa tatu usiku nilijua nimebakisha nusu saa tu. Programu ya risiti ya duka moja la vipuri Mwembe Tayari, mteja anaitaka asubuhi, nami ndio kwanza mwezi wa tatu kazini. Kila risiti inatoka safi: plagi, mafuta, bei zote sawa. Chini kabisa, jumla: 0.

Nikashuku hifadhidata. Nikaifuta, nikaijaza upya. Sifuri. Nikashuku bei zimeingia kama maandishi, nikazigeuza namba zote. Sifuri. Saa nane nimevua shati, feni inazungusha joto lile lile la Majengo, nami naweka upya Python nzima, kana kwamba yenyewe ndiyo imekosa. (Msinicheke. Usiku akili hulala kabla ya macho.)

Adhana ya alfajiri ikanikuta hapo hapo. Mama akaingia na kahawa na mahamri mawili, akainama kwenye skrini. Kompyuta haijui, lakini kusoma anasoma.

"Umekesha na hiki? Haya, na jumal ndiyo nini?"

```
jumla = 0
for b in bidhaa:
    jumal = jumla + b.bei
```

Python haikulalamika hata mara moja. Imeona jina jipya, ikaunda kigeu kipya, ikaendelea na safari; jumla yangu imekaa na sifuri yake.

Nikahamisha herufi moja. Risiti ikasoma 4,350.

"Ni kosa la kuandika, mama."

"Basi kula, mahamri yanapoa."